Ukiambiwa "habari", ujibu maneno mangapi? Mwongozo kamili wa kujibu salamu bila kukata wala kuhubiri

Mi nina kaduka ka stesheneri na uwakala wa kutuma na kutoa hela huku Nkuhungu, Dodoma, na kazi yenyewe ukiiangalia vizuri nusu ni kuhesabu na nusu ni kusalimiana. Asubuhi anakuja mwanafunzi na "mambo dada", nyuma yake mzee katoka Bahi kuuza mpunga, nyuma yake mtumishi ambaye ofisi yake ilihamia huku kutoka Dar baada ya serikali kutangaza 2016 kwamba inakuja Dodoma kweli, na kila mmoja ana salamu yake na anategemea jibu la urefu wake. Nimeshakosea pande zote mbili. Kuna mama mtu mzima, mteja wa kila wiki, aliniandikia "habari za leo mwanangu", mi nikajibu "poa" huku nahesabu hela ya mtu mwingine, basi hakuonekana wiki mbili na aliporudi alisema tu "nilijua umenichoka". Nikajifunza, nikajirekebisha, nikazidisha. Kijana akasema "vipi dada" nikamwambia mtandao unasumbua tangu asubuhi, floti imeisha, mwenye fremu kapandisha kodi na mguu unaniuma. Akasema "haya dada, pole", akaenda kutoa hela duka la jirani.

Kwa hiyo hapa naongelea kitu kimoja tu, jibu la salamu nyepesi, ile ya "habari", "mambo", "shikamoo", na urefu wake. Siongelei namna ya kuanza salamu, hiyo ni mada nyingine.

Kabla ya hatua zenyewe: urefu hauko kwenye sentensi, uko kwenye mizunguko

Hiki ndo kitu kilichonifungua macho na nilikiona kwa babu yangu huko Kongwa, sijafundishwa na mtu. Watu wanasema wazee wa huku salamu zao ni ndefu, na kweli ni ndefu, unaweza ukawa umesimama mlangoni na mzigo kichwani bado mnasalimiana. Ila siku moja nilisikiliza kwa makini. Ilikuwa hivi:

— Hodi!
— Karibu.
— Shikamoo babu.
— Marahaba mjukuu wangu, hujambo?
— Sijambo. Umeamkaje?
— Salama. Za huko mjini?
— Nzuri tu.
— Watoto?
— Hawajambo babu.
— Na mama yako?
— Hajambo, anakusalimia.
— Haya. Mvua huko?
— Bado, ni mawingu tu.
— Hata huku. Karibu, kaa.

Hesabu maneno. Hakuna mtu aliyesema zaidi ya maneno matano kwa mkupuo mmoja, na bado tumepita kwenye afya, mji, watoto, mama na mvua, na katikati ya Tanzania mvua siyo maongezi ya kupotezea muda, mvua ndo habari yenyewe. Salamu imekuwa ndefu kwa sababu imezunguka mara nyingi, siyo kwa sababu kuna mtu alihutubia.

Ukishaona hilo utaelewa makosa yote mawili yanatoka sehemu moja. Anayekata anajibu mzunguko wa kwanza alafu anafunga mlango, hakuna wa pili. Anayehubiri anachukua mizunguko yote sita anaimwaga kwenye jibu la kwanza, mwenzake hajauliza watoto tayari kapewa ripoti ya watoto, sasa aulize nini tena? Wote wawili wamemnyima mwenzao zamu.

Hatua ya 1: angalia salamu imekuja ya kupita, ya kusimama au ya kukaa

Kabla hujafungua mdomo angalia miguu ya anayekusalimia, sitanii. Bodaboda amepita anapiga honi "mambo dada!", huyo jibu lake ni "poa!" kwa sauti, basi, neno la pili litamkuta yuko kona ya pili. Hiyo ndo salamu ya kupita na hapo neno moja siyo kukata. Kukata ingekuwa kumwangalia na kunyamaza.

Ya kusimama ni ya mtu aliyefika kwako kwa shida yake au mliyekutana njiani mkapunguza mwendo. Hiyo inataka jibu na kurudishiwa, mizunguko miwili, mitatu ikizidi. Wateja wangu wengi wako hapa.

Ya kukaa ni ya mtu aliyekuja kwa ajili yako, mgeni, ndugu, jirani aliyevuta stuli. Hiyo haina mwisho unaoupanga wewe, unaenda nayo mpaka ifike yenyewe kwenye "haya, niambie".

Kingine cha kuangalia ni hiyo "za" inayofuata. "Habari" peke yake ni nyepesi. "Habari za nyumbani" imetaja nyumbani, kwa hiyo jibu "nzuri" halijakosea ila limepungukiwa, mtu anategemea asikie "nzuri, hawajambo wote". "Za safari" inataka ajue umefika: "nzuri, tumefika salama". "Za siku nyingi" au "umepotea" inakuambia kwamba mwenzako amehesabu muda, na wewe onyesha umeuona huo muda, hata kwa "kweli siku nyingi, nipo". Sheria yangu ni kwamba jibu liguse kitu kilichotajwa, lisiguse ambacho hakijatajwa. Mtu kakuuliza safari usimwambie mambo ya kazini.

Hatua ya 2: toa jibu la jozi yake, fupi, bila kubuni

Salamu nyingi za Kiswahili zina jibu lake lililoshakatwa kama shati la duka. Hujambo ni sijambo, na kama mko wengi mkaulizwa hamjambo basi ni hatujambo. Mambo ni poa au safi. Shikamoo ni marahaba. Hodi ni karibu. Pole na kazi ni asante. Tumsifu Yesu Kristo ni milele amina, Bwana asifiwe ni amina, asalaam aleikum ni waaleikum salaam. Hapo hakuna cha kufikiria na usijaribu kuwa mjanja, maana anayesikiliza anasubiri nusu ya pili ya kitu alichokianza.

Ndo maana "marahaba" ni neno moja na hakuna mtu atakayesema mzee kamjibu mkato, wakati "poa" nayo ni neno moja na ilinipotezea mteja wiki mbili. Tatizo halikuwa idadi, mama kaja na "habari za leo mwanangu", yaani amenipa maneno manne na kaniita mwanangu, mi nikamrudishia neno la vijiweni. Poa inajibu mambo. Kwa mtu mzima aliyesema habari ni "nzuri" au "njema" au "salama", na hapo hapo uongeze "mama".

Na hilo la kumtaja mtu nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu ndo njia rahisi kuliko zote ya kurefusha jibu bila kulirefusha. Linganisha "nzuri" na "nzuri mama". Limeongezeka neno moja tu, ila la kwanza linaweza kuwa umemjibu yeyote aliyepita na la pili umemjibu yeye. Huku Dodoma mama, baba, mzee, dada, kaka, mjomba vinatumika hata kwa watu ambao hamna undugu wowote, na mtu akikuita kwa jina la undugu na wewe ukamjibu bila jina lolote anasikia kama umemshusha mahali alipokuwa amekupandisha. Mgogo mtu mzima akikuambia "mbukwenyi" na wewe siyo Mgogo, usianze kumwambia kwamba kigogo hujui ila unakipenda na ungependa kujifunza, rudisha tu hiyo hiyo uliyosikia kwa tabasamu, akitaka kuendelea kwa kigogo utamwambia wakati huo.

Hatua ya 3: rudisha

Hapa ndo mkato unapoishi. Watu wanadhani jibu fupi ndo la mkato, hapana, jibu la mkato ni lile ambalo halijarudi. "Nzuri." Nukta. Mwenzako amebaki na mpira mkononi na hajui aendelee au aondoke. "Nzuri, za kwako?" imeongeza maneno mawili na kila kitu kimebadilika.

Ukirudisha, rudisha kwa uzito ule ule au uongeze kidogo tu. Kaja na habari, rudisha "za kwako?". Kaja na za nyumbani, rudisha "na kwako hawajambo?". Usipandishe ngazi tatu kwa mara moja, mtu kasema mambo wewe unamuuliza mama anaendeleaje, baba, wadogo zako, na yule wa sekondari amefaulu, hayo ni mahojiano.

Shikamoo ina utaratibu wake kidogo. Aliyepewa shikamoo hairudishi shikamoo, kwa hiyo kazi ya kurudisha inabaki kwa mkubwa na wakubwa wengi hapa tunafeli. Mtoto kasema shikamoo, mkubwa kasema "marahaba" macho yako kwenye simu, mtoto kasimama hajui kama ameshamaliza. Marahaba kamili ina mkia: "marahaba, hujambo?" au "marahaba, umeamkaje?" na mtoto akijibu sijambo mmemaliza.

Alafu kuna wakubwa wa upande ule mwingine. "Marahaba, ila siku hizi vijana hamsalimii mpaka muone mtu ana gari." "Marahaba, unaoa lini?" "Marahaba, umenenepa, punguza chipsi." Sasa huyu kijana amefanya kosa gani? Amesalimia vizuri na kapewa somo la wale wasiosalimia. Mi nimeona vijana wa mtaani kwetu wanazunguka nyuma ya kanisa kumkwepa mzee mmoja, na siyo kwamba hawana adabu, wanaogopa ule mkia wa marahaba. Kama una neno la kumwambia kijana mwite pembeni siku nyingine, salamu siyo mlango wa kulipitishia hilo.

Hatua ya 4: nyamaza, subiri kama kuna mzunguko wa pili

Umejibu, umerudisha, sasa funga mdomo. Ni kama sekunde mbili tatu tu ila kwa sisi waongeaji ni ndefu kweli. Katika hizo sekunde mwenzako atafanya moja kati ya mambo matatu. Atajibu "nzuri" na kuingia kwenye shida yake, "naomba kutoa elfu ishirini", maana yake salamu imeisha na wewe usiirudishe. Au atajibu na kuuliza kingine, "watoto?", hapo mzunguko wa pili umefunguka, jibu kwa ufupi ule ule, rudisha. Au atajibu na kuanza kuondoka, na wewe mwache aende, "haya, siku njema".

Mi nilikuwa nashindwa kabisa kunyamaza. Nikaanza kujipa kazi ya mikono, nikishasema "za kwako?" nachukua kitabu cha miamala nakifungua, siyo nakisoma, nakifungua tu huku namwangalia, na hiyo inanipa sekunde zangu. Ila tahadhari, usichukue simu. Simu inaonekana kama umeshamaliza naye.

Hatua ya 5: kama hali siyo nzuri, anza na nzuri alafu weka "ila"

Hili wageni linawashangaza, na hata vijana wengine wa mjini wanasema ni unafiki. Mtu ana mgonjwa ndani, anaulizwa habari, anajibu "nzuri". Lakini hiyo nzuri ya kwanza siyo taarifa, ni jibu la jozi tu, inasema nimekusikia na tunaongea vizuri. Taarifa inakaa baada yake, nyuma ya "ila": "nzuri, ila mama anaumwa kidogo".

Na hapo unasimama. Hilo "kidogo" halimaanishi ugonjwa ni mdogo, limempa mwenzako nafasi ya kuamua. Kama yuko njiani atasema "pole sana, Mungu atamsaidia" na atapita, hamjakoseana. Kama anataka kujua atauliza "anaumwa nini?" na hapo sasa umeruhusiwa, sema. Ukiruka hiyo hatua ukaanza moja kwa moja na presha ilipanda Jumanne tukampeleka wakampima wakasema turudi Alhamisi, mtu wa watu alikuwa anakuja kununua peni. Siyo kwamba hajali. Hajapewa pa kuingilia na kuuliza, amesimama anasikiliza ripoti na peni yake haijatoka.

Na kinyume chake kipo. Ukiwa na msiba wa juzi na rafiki wa karibu kaja kukaa, kakuuliza ukasema "nzuri" ukaishia hapo, akaja kuusikia kwa majirani, atakuuliza kwa nini ulimficha. Kwa mtu wa karibu kwenye salamu ya kukaa, "ila" siyo hiari.

Ukienda msibani penyewe sheria zote hizi zinalala. Pale salamu ni "poleni", jibu ni "asante" au "tumeshapoa", hakuna "za kwako" na hakuna mtu atakayekuona mkali.

Hatua ya 6: kwenye meseji, ambako hakuna sura wala sauti

Hapa ndo nilipoteseka zaidi. Ana kwa ana "nzuri" yangu ina tabasamu, kwenye simu haina. Kwa hiyo kwenye meseji mkato unakuja haraka, ila na mahubiri yanakuja haraka vile vile kwa sababu hakuna mtu wa kukukatiza.

Kisa chenyewe. Jumamosi moja saa nne asubuhi iliingia meseji ya kawaida, siyo wasapu, namba sijaisevu, neno moja: "Habari". Zamani ningejibu "nani?" au "sema". Hayo mawili ni mkato wa wazi, la kwanza linamhoji na la pili linamharakisha. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kujifunza ukarimu wa biashara kwa hiyo nikatuma hii:

"Karibu sana dukani kwetu 😊 tunatoa kopi, tunaprinti, laminesheni, picha za pasipoti, tunajaza fomu za ajira na mikopo, tunatuma na kutoa hela mitandao yote, tupo Nkuhungu, tunafungua saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, karibuni wote"

Kimya. Tulipokuja kuonana mteja akanionyesha kitochi chake, skrini ndogo ile, kibonyezo cha chini kimebonyezwa mpaka kidole kimechoka na pale kwenye tabasamu kuna kakiboksi tu. Na mi nililipa zaidi bila kujua. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160, ila ukiweka emoji moja tu mfumo unabadilika na inabeba 70, na ikizidi hapo inakatwa vipande vya herufi 67 kila kimoja. Ile yangu ukiihesabu na nafasi zake ni kama herufi 235, kwa hiyo ilienda vipande vinne na kila kipande kinahesabiwa meseji moja kwenye bando. Bila lile tabasamu ingekuwa vipande viwili, kwa sababu ndefu ya herufi za kawaida inakatwa kwa 153. Meseji nne kumjibu mtu aliyesema neno moja, na bado sijamjibu, angalia vizuri, kwenye yote ile hakuna "nzuri" hata moja.

Siku hizi namba ngeni ikija na "habari" mi najibu hivi: "Nzuri, karibu. Naongea na nani?" Imejibu, imefungua mlango, na badala ya "za kwako" imerudisha kwa kumuuliza yeye ni nani, maana kumuuliza za kwako mtu usiyemjua inakuwa kama unacheza. Kama unahisi ni mtu unayepaswa kumjua ongeza "samahani": "Nzuri, samahani namba ilipotea, naongea na nani?" Usiandike "nani mwenzangu" ikiwa peke yake, ana kwa ana au kwa sauti inaweza kupita, kwa maandishi inasikika kama geti limefungwa.

Huyo wa Jumamosi nilimtumia tena jioni, na ilienda hivi:

— Samahani ndugu, habari za jioni. Naongea na nani?
— Nzuri. Mi nilitoa kopi za vyeti kwako juzi
— Ooh nimekukumbuka, karibu. Vyeti vilifika?
— Vilifika asante. Jumapili mnafungua?
— Ndiyo, saa nne mpaka saa nane mchana
— Haya nitakuja

Shida yake yote ilikuwa Jumapili. Kitu pekee ambacho tangazo langu lile halikutaja.

Kwa ndugu na marafiki kwenye wasapu kipimo changu ni kulingana na mistari yao. Kaandika mstari mmoja, mstari mmoja, ukizidi sana miwili. Na kama huna muda saa hizo ni bora usifungue kabisa kuliko ufungue, tiki zigeuke bluu, alafu umpe "pw". Mjomba wangu wa Mpwapwa aliniandikia "Habari za huko mjomba", nikajibu "nzuri mjomba, shikamoo, niko na wateja nitakupigia jioni", na jioni nikapiga kweli. Ile ahadi ndo iliyobeba urefu, nisingepiga ingekuwa mkato mbaya kuliko "poa".

Grupu la familia ni rahisi. Shangazi kasema "hamjambo wote", jibu mara moja "hatujambo shangazi, shikamoo", usirudi kumjibu kila aliyemjibu.

Jinsi ya kujua umekosea, na namna ya kurekebisha

Ukiwa umekata, mwenzako mara nyingi anakuuliza tena salamu ile ile kwa sura nyingine: "kwema lakini?", "uko salama?". Hiyo ni nafasi ya pili amekupa, itumie. Kwenye meseji anaandika "haya" au "sawa" au ananyamaza. Dawa ni mstari mmoja, siyo maelezo: "Samahani mama, nilikuwa na mteja. Za tangu juzi?" Usianze kueleza siku yako ilikuwaje ndo ukamjibu vile, hapo utakuwa umetoka kwenye shimo la mkato ukatumbukia la mahubiri, mi nimefanya hivyo na yule mama wa "mwanangu" alibaki ananisikiliza dakika kumi na begi begani.

Ukiwa umehubiri, sikiliza majibu yake yanavyopungua. Anaanza na "eeh, kweli", anaenda kwenye "mmh", anaishia kwenye "haya bwana" huku macho yake yako barabarani. Ukisikia "haya bwana" ya kwanza katiza hata kama uko katikati ya sentensi, "nimekuchosha, niambie za kwako", na umalizie hapo. Wengi wanacheka na wanaongea, kwa sababu walikuja na neno lao na lilikuwa bado liko mdomoni.

Foleni nayo ina sheria yake. Wakiwa watu watano nyuma, hata mteja wa kukaa anageuka wa kusimama, na siyo dharau, mwambie tu "nzuri baba, ngoja niwatoe hawa tuongee". Juzi mzee wa Bahi nilimwambia hivyo, akavuta stuli pembeni, wale watano walipoisha akaniambia, "Haya, sasa nijibu. Watoto?"